Maswali matatu ya mfalme: namna ya kusuka hadithi ambayo mnyonge anamshinda mwenye enzi

Mfalme anauliza maswali matatu, anatoa siku tatu, na atakayeshindwa atakatwa kichwa. Aliyeulizwa ni mtu wa cheo na elimu, naye usingizi umempaa. Siku ya tatu anayefika barazani ni mchungaji wake, au msaga nafaka, au mpishi, amevaa joho la bwana wake, na anatoka na kichwa chake mabegani.

Katika orodha ya kimataifa ya aina za hadithi, ile aliyoianzisha Antti Aarne mwaka 1910, ikapanuliwa na Stith Thompson na kupangwa upya na Hans-Jörg Uther mwaka 2004, hadithi hii ni namba 922. Walter Anderson aliiandikia kitabu kizima kilichotoka mwaka 1923, akalinganisha mamia ya matoleo yake. Imesafiri sana kwa sababu muundo wake ni imara: unaweza kubadilisha mfalme, mji na maswali, na bado ikasimama. Lakini ukikosea kiungo kimoja inaanguka yote. Yafuatayo ni kwa anayetaka kutunga hadithi yake mwenyewe ya namna hii, kwa kuandika au kwa kusimulia.

Kwanza elewa shindano lenyewe

Kitendawili cha kawaida kina jibu, na mtegaji analijua kabla hajatega. Swali la mfalme halina jibu, na mfalme mwenyewe halijui. Ameliuliza ili amwangamize mtu. Hapa hakuna cha kutoa mji ukishindwa kutegua. Dau ni shingo.

Ukilishika hilo, utaona kazi ya shujaa ni nini hasa. Hahitaji kusema kweli. Anahitaji kusema jambo ambalo mfalme hawezi kulijibu kwa neno "umekosea". Watunzi wengi wapya wanapotelea hapa: wanamfanya shujaa kuwa msomi aliyejificha, anayejua idadi ya nyota. Msikilizaji hapo hafurahi, maana ameona mtihani, hakuona pambano.

Anza na majibu, maswali yatakuja

Usikae ukitafuta maswali magumu. Chagua kwanza namna shujaa atakavyomfunga mfalme, kisha utunge swali linaloelekea huko. Namna zenyewe si nyingi, na nne kati yake zinabeba karibu hadithi zote za jamii hii.

Ya kwanza ni kumrudishia mfalme mzigo wa kupima. Franco Sacchetti, mwandishi wa Firenze wa karne ya 14, aliisimulia hadithi hii akimtumia Bernabò Visconti, mtawala wa Milano aliyeogopwa kweli kweli. Msaga nafaka anaulizwa: kutoka hapa mpaka mbinguni ni umbali gani? Anataja maili milioni 36 na ushei, anashuka mpaka nusu maili, na mwisho anaongeza hatua 22. Kama huamini, anasema, tuma watu wapime. Zitazame hizo hatua 22, maana ndizo zinazobeba jibu. Angesema "mbali sana", mfalme angecheka na kumwita mnyongaji. Namba iliyochongoka hadi hatua ya mwisho inamlazimisha anayebisha alete namba yake, na hana. Kijana mchungaji katika hadithi namba 152 ya mkusanyo wa Kijerumani wa ndugu Grimm anatumia mlango huohuo kwa njia nyingine. Anaulizwa bahari ina matone mangapi, naye anasema: funga mito yote duniani, lisiingie tone jipya nikiwa ninahesabu, nami nitakupa idadi. Amekubali kazi, ila ameweka sharti ambalo ni la mfalme kulitimiza.

Namna ya pili ni kujaza kipimo ambacho swali limekiacha wazi. Ukiulizwa mlima una vikapu vingapi vya udongo, hujaambiwa ukubwa wa kikapu. Kikapu kikiwa sawa na mlima, ni kimoja. Kikiwa nusu yake, ni viwili.

Ya tatu ni kumfunga mfalme kwa jambo asiloweza kulikana bila kujiaibisha. Katika matoleo mengi ya Ulaya mfalme anauliza "nina thamani gani?" na jibu ni vipande 29, kwa sababu Yesu aliuzwa kwa vipande 30 vya fedha. Mfalme akisema ni kidogo, amejiinua juu ya Mola wake mbele ya watu. Jibu hili ni zuri mno, lakini lina udhaifu mmoja: asiyekijua kisa cha vipande 30 hatasikia chochote. Ndiyo maana ni bora kutengeneza kifungo chako ndani ya hadithi yenyewe, kama tutakavyoona.

Ya nne ni jibu linalojitimiza. "Ninawaza nini?" anauliza mfalme. "Unawaza kwamba mimi ni fulani, kumbe siye." Jibu linakuwa kweli kwa kule kutamkwa kwake tu.

Chagua tatu, kila moja kwa swali lake, na usirudie namna. Hili ni kosa la kawaida kuliko yote: idadi ya nyota, idadi ya matone, idadi ya mchanga, na majibu yote matatu ni "hesabu mwenyewe". La kwanza linachekesha, la pili linatabirika, la tatu linachosha. Kijana wa Grimm anaulizwa matone na pia nyota, na hadithi inajinasua kwa swali la tatu lenye ladha tofauti kabisa, kuhusu urefu wa umilele: mlima wa almasi, ndege anayekuja mara moja kila miaka 100 kunoa mdomo wake, na mlima wote ukiisha ndipo sekunde ya kwanza ya umilele imepita. Bila huo mlima ingekuwa hadithi ya mzaha mmoja.

Mpangilio wa maswali

Swali la nne kwa aina, lile la kuwaza, sharti liwe la mwisho. Likishajibiwa, siri ya mtu aliyebadilishwa imetoka, na shindano haliwezi kuendelea. Swali la kumfunga mfalme kwa maneno yake linakaa vizuri katikati, kwa sababu linaumiza: hapo mfalme anaacha kucheka. La kwanza liwe jepesi na la kuchekesha, ili msikilizaji ajifunze kanuni za mchezo bila kuambiwa.

Kila swali liwe fupi. Maneno kumi yanatosha. Msikilizaji inabidi aweze kulirudia kichwani na kuanza kulihangaikia mwenyewe kabla jibu halijaja. Swali lenye masharti matano hana muda nalo.

Kisa kimoja, kutoka mwanzo

Tuchukue mfalme, hakimu wa mkoa wa mpakani, na mfinyanzi anayemuuzia hakimu mitungi ya maji.

Hadithi inaanza mwaka wa ukame. Watu wenye njaa wamejaa uwanjani mbele ya baraza, na mfalme, akitaka waone kwamba naye anaumia, anasema kwa sauti: "Ningetoa ufalme wangu wote nipate mvua ya siku moja!" Watu wanashangilia. Mvua inakuja baadaye, mavuno yanapatikana, maneno yanasahaulika. Hii ndiyo mbegu ya jibu la pili, na namna ya kuipanda ni kuifanya ionekane ni kitu kingine. Hapa inaonekana ni sifa ya mfalme, au unafiki wake. Usiirudie, usiikazie. Weka tukio zima kati yake na maswali, ili ikirudi msikilizaji aikumbuke kwa mshtuko mdogo.

Tukio hilo la katikati ni wivu. Wasafiri wanamsifu hakimu wa mpakani kwa hekima yake, na mfalme anasikia mara moja zaidi ya anavyoweza kuvumilia. Anaandika barua: uje mbele yangu baada ya siku tatu, mbele ya watu wote, ujibu haya. Mlima ulio mbele ya dirisha langu una vikapu vingapi vya udongo? Mimi nina thamani gani? Ninapokusikiliza, ninawaza nini? Chini ya barua anaongeza sharti: "Atakayeomba swali lifafanuliwe, ameshindwa."

Sharti hilo lipe uzito wake. Mfalme analiweka ili kumbana hakimu. Kumbe amejibana mwenyewe, kwa sababu swali lisilofafanuliwa kwa mmoja halifafanuliwi kwa mwingine. Katika hadithi nzuri ya aina hii, kila kamba inayomfunga mfalme ameisuka mwenyewe.

Hakimu anashindwa. Mwonyeshe akishindwa kwa kazi halisi: usiku wa kwanza anafungua vitabu vyake, usiku wa pili anajaribu kukisia kimo cha mlima kwa kumbukumbu, na alfajiri karatasi zimejaa namba asizoziamini. Mfinyanzi analeta mtungi, anamkuta katika hali hiyo.

"Maswali yenyewe ni yapi, bwana hakimu?"

Anasomewa. Ananyamaza kidogo, halafu anasema, "Niazime joho lako na kilemba."

Sasa lazima ushughulikie swali ambalo wasimuliaji wavivu huliruka: mbona mfalme hamtambui? Matoleo ya zamani mara nyingi yanasema tu kwamba wawili hao walifanana. Inakubalika, lakini ni bora kulifanyia kazi kidogo. Hakimu ni wa mpakani. Mfalme alimwona mara moja tu, usiku, siku ya kumwapisha miaka mingi nyuma. Sentensi moja inatosha, mradi iwe mwanzoni. Waziri anayekaa na mfalme kila siku hafai kwa nafasi hii hata kidogo.

Kabla ya kuondoka mfinyanzi ananawa. Uso unatakata, ndevu zinachanwa, joho linamkaa. Lakini udongo chini ya kucha hautoki, hata kwa kijiti. Umekaa humo miaka thelathini. Hakimu anaona, anashtuka. "Nitaficha mikono kwenye mikono ya joho," anasema mfinyanzi. Msikilizaji ameshajua hatari iko wapi, na kila mfinyanzi anapokaribia kunyoosha mkono barazani, atashika pumzi.

Barazani mfalme anaanza. "Haya, hakimu. Mlima wangu una vikapu vingapi?"

"Kikapu kimoja, mfalme wangu, kikapu kikiwa sawa na mlima. Viwili, kikiwa nusu yake."

Watu wanacheka. Mfalme anafungua kinywa kusema kikapu gani, anakumbuka barua yake, anakifunga.

"Na mimi, nina thamani gani?"

"Bei uliitaja mwenyewe, mfalme wangu, ukiwa umesimama hapohapo. Ulisema ufalme wako wote ungeutoa upate mvua ya siku moja. Wewe ni mtu mmoja ndani ya ufalme huo. Basi thamani yako haifiki mvua ya siku moja."

Hapa hakuna anayecheka.

"Hakimu," mfalme anasema taratibu, "limebaki moja. Ninawaza nini?"

"Unawaza kwamba unazungumza na hakimu." Mfinyanzi anatoa mikono kwenye joho na kuinyoosha, kucha juu. "Mimi ndiye ninayemfinyangia mitungi."

Simama hapo. Usieleze. Mikono imeshasema, na ukiongeza "yaani mfalme alikuwa akiwaza vibaya", umeua kazi yote.

Jaribio la milango

Rasimu ikiisha, chukua kila jibu na uandike mambo matatu ambayo mfalme mwerevu angeweza kulirudishia. Mfalme mwerevu, siyo mjinga. Kumshinda mjinga hakuna ladha. Kila mlango ulio wazi uufunge ndani ya hadithi, mapema, kwa kitu alichokifanya mfalme mwenyewe.

Kwa jibu la kwanza angesema: "Nilimaanisha kikapu cha kawaida." Mlango umefungwa na sharti la barua. Liondoe sharti hilo uone: jibu lote linaporomoka, na mfinyanzi anakufa.

Kwa jibu la pili angesema: "Yale yalikuwa maneno tu." Umefungwa na watu walioko uwanjani, maana wao ndio walioambiwa maneno hayo wakiwa na njaa. Kuyakana ni kukiri kwamba aliwadanganya. Ndiyo sababu shindano lazima lifanyike hadharani. Mfalme na mfinyanzi wakiwa peke yao chumbani, jibu lolote linaweza kukataliwa na hakuna wa kushuhudia. Ukisoma matoleo mazuri utaona baraza, wazee, askari, mtu yeyote wa kusikia.

Kwa jibu la tatu angesema: "Sikuwaza hivyo, nilijua tangu mwanzo kuwa wewe si hakimu." Huu ndio mlango unaosahaulika zaidi. Umefungwa na neno dogo: mfalme amemwita "hakimu" mara mbili mbele ya watu, katika swali la kwanza na la tatu. Rudi uhakikishe umeliweka. Likikosekana, msikilizaji makini atabaki na shaka ambayo pengine hataweza kuitaja, ila utaona anatabasamu nusu.

Dalili kwamba mlango umebaki wazi ni rahisi kuitambua. Unaposimulia, mtu anauliza "mbona mfalme hakusema…?" Usimjibu kwa maelezo. Nenda ukarekebishe mwanzo wa hadithi.

Kusimulia kwa mdomo

Kisa cha urefu huu kinachukua dakika kumi hadi kumi na tano. Robo tatu ya muda huo iende kabla ya baraza, kwa sababu baraza lenyewe linapaswa kwenda haraka. Baada ya kila swali nyamaza kwa muda wa kuvuta pumzi mbili ndefu. Wasikilizaji wataanza kunong'ona majibu yao, waache. Akitokea mtu kulipata jibu la kwanza, hujapoteza kitu, maana sasa anaamini atalipata na la pili.

Mfinyanzi aongee kwa heshima tangu mwanzo mpaka mwisho. Adabu yake ndiyo ngao: mfalme hana tusi la kushikilia, ana jibu tu. Akianza kejeli, mfalme anapata sababu halali ya kumwadhibu na msikilizaji anaanza kumwonea mfalme huruma.

Sharti mahali pa swali

Kuna ndugu wa karibu wa hadithi hii, namba 875, ambamo mwenye akili ni binti wa mkulima na mfalme hamuulizi neno bali anampa sharti linalojipinga. Katika toleo la Grimm, namba 94, anaambiwa aje asiwe uchi wala amevaa, asipande mnyama wala asipande gari, asipite njiani wala nje ya njia. Anajifunga wavu wa kuvulia samaki, anafunga wavu huo kwenye mkia wa punda, na punda anamburuta katika mfuo uliochimbwa na magurudumu, kidole gumba cha mguu tu kikigusa ardhi.

Ukitaka kutunga masharti ya namna hii, kanuni ni kutafuta kitu kilicho katikati ya pande mbili, na kiwe cha kushikika. Wavu ni mzuri kwa kuwa unaonekana kwa macho: ni nguo yenye matundu. "Alivaa nguo ya kuazima" hakutoshi, kwa sababu bado amevaa. Masharti mawili au matatu yanatosha, na yote yatimizwe katika picha moja, siyo kila moja kwa kitendo chake. Ukubwa wa binti huyu uko katika kuyafunga yote kwa wavu mmoja na punda mmoja.

Mshindi apewe nini

Wasimuliaji wametatua hili kwa njia mbili kuu. Kwa Sacchetti, msaga nafaka alikwenda badala ya abati, mkuu wa nyumba ya watawa, na mtawala anasema aliyejibu kama abati awe abati, na abati akawe msaga nafaka, vyeo vinabadilishwa. Katika wimbo wa kale wa Kiingereza wa Mfalme John na abati wa Canterbury, mfalme anataka kufanya vivyo hivyo, lakini mchungaji anakataa: hajui kusoma wala kuandika. Anapewa nobo nne kila wiki, sarafu ya dhahabu ya zama zile, na abati anasamehewa.

Chagua kwa kuangalia umemchoraje bwana aliyeokolewa. Kama ni mvivu na mnene wa kodi za watu, kubadilishana vyeo kunaridhisha. Kama ni mtu mwema aliyezidiwa, kama hakimu wetu wa mpakani, kumvua cheo kutaacha uchungu mdomoni, na njia ya pili inafaa zaidi. Kwa kisa hiki mfinyanzi aombe kitu kidogo na cha kazi yake: ruhusa ya kuchimba udongo katika mlima ule ulio mbele ya dirisha la mfalme. Mfalme anauliza, vikapu vingapi? Naye mfinyanzi anasema, "Kimoja tu, mfalme wangu," na mara hii mfalme ndiye anayekuwa wa kwanza kucheka.